Kutoka Wodini Hadi kwa Mtoto Asiyefika Kliniki

Muuguzi anayetaka kutoka wodini bila kuiacha taaluma yake ana milango mitatu inayojulikana: kufundisha katika chuo cha afya, kuingia katika utawala, au kuhamia afya ya jamii. Mlango wa kufundisha una njia iliyonyooka. Anayeupitia huhitaji shahada na mafunzo ya mbinu za kufundishia, na kwa Tanzania Kituo cha Kuendeleza Elimu ya Afya kilichoko Arusha kimewaandaa wakufunzi wengi wa vyuo vya afya. Utawala mara nyingi huja wenyewe kwa kadiri mtu anavyokaa kazini: leo ni muuguzi wa zamu, baada ya miaka ni muuguzi mfawidhi wa wodi, kisha patroni au matroni wa hospitali. Mlango wa tatu ndio unaowapotezea wengi muda na fedha, kwa sababu unaonekana kama kubadilisha ofisi tu ilhali unabadilisha hesabu yote ambayo muuguzi amezoea kuifanya.

Wodini hesabu huanza na aliyepo. Wakati wa kukabidhiana zamu hutajwa vitanda, wagonjwa, dripu zinazoendelea, aliyelazwa usiku na aliyeruhusiwa. Kila jina lina mtu, na kila mtu anaonekana. Katika afya ya jamii hesabu huanza na wote wanaopaswa kupata huduma, wawe wamefika au hawajafika, na kazi kubwa ni ya wale ambao hawajafika. Muuguzi aliyemwona mtoto wa surua akihangaika kupumua amemwona mtoto mmoja. Mratibu wa chanjo anatakiwa aulize ni watoto wangapi wa kijiji kilekile hawana dozi ya surua, wanaishi kitongoji gani, na kwa nini siku ya kliniki mama zao hawakuja. Ujuzi wa kitandani haupotei katika safari hii, ila hautoshi.

Ramani ya kazi yenyewe ni muhimu ijulikane mapema. Tanzania Bara, huduma za afya za ngazi ya msingi, yaani zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya OR-TAMISEMI. Wizara ya Afya hutunga sera, miongozo na viwango. Katika kila halmashauri kuna timu ya usimamizi wa huduma za afya inayoongozwa na mganga mkuu, na ndani ya timu hiyo au kando yake wamo waratibu: wa huduma za afya ya uzazi na mtoto, wa chanjo, wa kifua kikuu na ukoma, wa UKIMWI, wa lishe na wengineo. Wauguzi na wakunga ni wengi miongoni mwao, hasa katika uratibu wa huduma za mama na mtoto.

Hapa kuna jambo ambalo wauguzi wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Uratibu kwa kawaida ni jukumu analopewa mtumishi kwa barua ya mwajiri. Hauandikwi kama kada mpya. Mratibu wa huduma za uzazi na mtoto aliyeajiriwa kama Afisa Muuguzi hubaki Afisa Muuguzi katika orodha ya mishahara, na hupanda vyeo kwa muundo uleule wa wauguzi. Maana yake ni kwamba hatua kubwa ya kuelekea afya ya jamii inaweza kupigwa bila kubadilisha kada kabisa, na kwamba shahada ya uzamili ya afya ya jamii, ambayo wengi huikimbilia kwanza, si lazima iwe ya kwanza. Mtu akimaliza masomo hayo kabla hajagusa kitabu cha chanjo hurudi na cheti kizuri na kukuta hakuna barua inayomsubiri.

Kazi yenyewe huonekana vizuri zaidi kwa kuifuata hatua kwa hatua. Tuchukue kata moja ya mfano katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, yenye watu 12,000 na kituo kimoja cha afya. Muuguzi aliyefanya kazi wodi ya watoto kwa miaka sita amehamishiwa kliniki ya mama na mtoto na kuombwa aeleze hali ya chanjo ya mwaka uliopita. Kama angefuata mazoea ya wodini angehesabu watoto waliochanjwa na kuandika idadi hiyo. Lakini idadi peke yake haisemi chochote mpaka ijulikane watoto waliopaswa kuchanjwa ni wangapi.

Makadirio hayo hutokana na sensa. Halmashauri huchukua idadi ya watu kutoka sensa ya mwaka 2022, hukadiria ongezeko, kisha hupiga sehemu ya watoto ambao hawajatimiza mwaka mmoja. Tuseme katika kata hii sehemu hiyo ni asilimia 3. Watoto wanaolengwa ni 360 kwa mwaka, sawa na 30 kila mwezi. Namba hiyo ya 30 ndiyo muuguzi aibandike ukutani kwanza, kwani kila mwezi utapimwa nayo.

Ratiba ya chanjo nchini humwanzishia mtoto kinga ya kifua kikuu na matone ya polio anapozaliwa. Akifika wiki 6 hupata dozi ya kwanza ya penta, chanjo inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria mmojawapo anayesababisha nimonia na uti wa mgongo. Hupewa pia chanjo za nimonia, kuhara na polio siku hiyohiyo. Hurudi wiki ya 10 na wiki ya 14. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, na dozi ya pili akifika miezi 18. Penta ndiyo hutumika kama kipimo cha huduma nzima: dozi ya kwanza huonyesha kama familia inakifikia kituo, na ya tatu huonyesha kama familia iliyokifikia inaendelea kuja.

Katika kata ya mfano, vitabu vinaonyesha kwamba penta ya kwanza walipewa watoto 342, penta ya tatu watoto 279, na surua ya kwanza watoto 252. Ukigawa kwa 360, penta ya kwanza ni asilimia 95, ya tatu ni asilimia 77.5 na surua ni asilimia 70. Hatua inayofuata ni kupima walioacha njiani, na hapo mgawanyiko hufanywa kwa walioanza, hautumii walengwa wote. Katika jedwali la Eksel ambamo penta ya kwanza iko safu ya B na ya tatu safu ya C, fomula ni hii:

```
=(B2-C2)/B2*100
```

Jibu ni 18.4. Kwa kawaida ya kazi hii, walioacha njiani wakizidi asilimia 10 kuna tatizo linalohitaji kutafutwa. Na aina ya tatizo tayari imejulikana kwa nusu: asilimia 95 walianza, kwa hiyo umbali wa kudumu au kukosekana kwa huduma si maelezo ya kutosha. Akina mama hawa wanakijua kituo, walifika, na mtoto alichomwa sindano. Kuna kitu kinachowazuia kurudi.

Muuguzi aliyetoka wodini hushawishika kujibu haraka kwamba wanahitaji elimu. Ni jibu linalotokana na kumkabili mama mmoja mmoja, na huishia kwenye kuwagombeza wale waliofika kwa makosa ya wale ambao hawakufika. Kinachotakiwa ni kurudi kwenye kitabu cha MTUHA namba 7, kitabu cha watoto, na kuwatafuta kwa majina. Anayetafutwa ni kila mtoto aliyepata penta ya kwanza na ambaye muda wa penta ya tatu umeshapita. Majina hayatalingana na tofauti ya 63 iliyopatikana kwenye jedwali, kwa kuwa watoto walioanza mwishoni mwa mwaka bado hawajafikisha wiki 14, na baadhi ya waliomaliza mwanzoni mwa mwaka walianza mwaka uliotangulia. Katika mfano huu yalipatikana majina 58.

Kazi ya kuyapunguza majina hayo ndiyo inayofundisha zaidi kuliko muhula mzima wa darasani. Kwa msaada wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenyeviti wa vitongoji, kila jina lilifuatiliwa. Watoto 9 walikuwa wamekwisha chanjwa: kadi ya kliniki ilikuwa na tarehe, kitabu cha kituo hakikuwa nayo, maana siku hiyo mhudumu alijaza kadi na kuahidi kuandika kitabuni baadaye. Watoto 7 walihama na kumalizia kituo kingine. Wawili walifariki. Walibaki 40, na kati yao 29 walitoka vitongoji viwili tu.

Vitongoji hivyo viwili ni vya wakulima wa mpunga. Bonde la Kilombero lina desturi inayofahamika: mvua za kulimia zinapoanza, familia huhamia mashamba ya mbali na kuishi katika madungu mpaka mavuno. Mama aliyejifungua Oktoba humleta mtoto wiki ya 6 akiwa bado kijijini. Wiki ya 14 inamkuta shambani, maji yamejaa njiani, na siku moja ya kwenda kliniki ni siku moja ya kuwaachia ndege na nguruwe mpunga. Mama huyo hakuhitaji kuelezwa faida ya chanjo, kwa sababu aliianza kwa hiari yake.

Dawa ya hali hiyo ni huduma ya mkoba, yaani wahudumu kubeba chanjo katika kisanduku cha ubaridi na kuifuata jamii iliko, mara moja kila mwezi kuanzia Disemba hadi Juni. Ni safari 7. Kama pikipiki hutumia lita 6 za petroli kwenda na kurudi, zinahitajika lita 42, pamoja na posho ya wahudumu wawili. Mpango huo ukiandikwa hivyo, kwa lita na kwa safari, una nafasi ya kuingia kwenye bajeti ya kituo. Ukiandikwa kwamba jamii ihamasishwe, hauna mahali pa kuingia.

Katika huduma ya mkoba ndipo ujuzi wa kitandani unapoonekana thamani yake. Chupa ya chanjo ya surua na rubela ni unga unaochanganywa na kimiminika chake, na chupa iliyozoeleka ina dozi 10. Ikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6 au hadi mwisho wa kikao, chochote kitakachotangulia, kisha hutupwa. Muuguzi anayefika shambani na kukuta watoto watatu wa miezi 9 huwa na wasiwasi wa kufungua chupa na kumwaga dozi 7. Wengi huwaambia mama hao wasubiri mwezi ujao watoto waongezeke. Huo ni uamuzi mbaya, na anayeujua ubaya wake kuliko wote ni yule aliyewahi kulaza mtoto wa surua. Chupa ifunguliwe. Hasara ya dozi huwekwa kwenye makadirio ya kuagizia chanjo. Mama aliyerudishwa kutoka dunguni hayumo kwenye makadirio yoyote.

Penta ni tofauti. Ni kimiminika tangu mwanzo, na chupa iliyofunguliwa inaweza kuhifadhiwa na kutumika kwa siku 28 mradi masharti yote ya utunzaji yamefuatwa, ikiwemo joto la nyuzi 2 hadi 8 na kile kiduara cha kupimia joto kilichobandikwa kwenye chupa kutobadilika rangi kupita kiwango. Jambo linalowashangaza wanaotoka wodini ni kwamba penta huharibiwa zaidi na barafu kuliko na joto la muda mfupi. Wodini hofu ni dawa kupata joto. Kwenye kisanduku cha mkoba hofu kubwa ni chupa kulala juu ya kipande cha barafu kilichotolewa moja kwa moja kwenye jokofu la kugandisha. Chanjo iliyoganda haionyeshi kasoro kwa mtu asiyejua kuitazama, mtoto huchomwa, kadi hujazwa, na kinga haipatikani.

Upande wa pili wa kazi hii ni kutoziamini namba kirahisi. Muuguzi wa wodini amefundishwa kwamba kilichoandikwa kimefanyika. Katika uratibu atakutana na vituo ambavyo ripoti yao ya mwezi inapendeza mno. Dalili za kwanza huonekana bila kutoka ofisini: penta ya tatu kuzidi ya kwanza kwa miezi kadhaa mfululizo, wakati haiwezekani mtoto kumaliza bila kuanza; huduma kupita asilimia 100 mwaka baada ya mwaka; au idadi ileile kurudiwa mwezi hadi mwezi. Si kila dalili ni udanganyifu. Kupita asilimia 100 huweza kumaanisha kwamba makadirio ya watu ni madogo, kama ilivyo kwenye mji mdogo unaokua haraka, au kwamba kituo kinahudumia watoto wa kata jirani.

Uhakika hupatikana kwa kulinganisha karatasi nne za mwezi mmoja: fomu ya kuhesabia ya siku ya kliniki, kitabu cha watoto, ripoti ya mwezi iliyoingizwa kwenye mfumo wa DHIS2, na leja ya chanjo. Ya nne ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo ngumu kuipotosha. Tuseme kituo kimeripoti dozi 96 za penta, na leja inaonyesha kwamba mwezi ulianza na chupa 12 za dozi 10, hazikupokelewa nyingine, na mwezi uliisha na chupa 5. Zilizotumika ni chupa 7, yaani dozi 70 kama hakuna hata tone lililopotea. Dozi 26 zimetoka wapi? Swali hilo likiulizwa kwa utulivu, kalamu mkononi na leja mezani, mara nyingi huleta maelezo ya kweli: mhudumu ni mmoja, siku ya kliniki ina akina mama 50, na ripoti ilijazwa usiku wa mwisho kwa kukisia.

Namna ya kuliuliza swali hilo ndiyo inayowashinda wengi waliotoka kwenye mamlaka ya wodini. Muuguzi mfawidhi huamuru, na kwenye dharura lazima aamuru. Mratibu anasimamia watu ambao hakuwaajiri wala hawezi kuwapangia zamu. Mganga mfawidhi wa zahanati anaweza kumsikiliza, kumkarimu chai na asibadilishe chochote. Ndiyo maana ziara hizo huitwa usimamizi shirikishi: mratibu hukaa na mhudumu, wakajaza kitabu pamoja, wakatafuta dozi zilizopotea pamoja, na kuandika katika kitabu cha wageni mambo mawili au matatu yatakayoangaliwa ziara ijayo. Ziara ya dakika 20 yenye orodha ya kuweka alama za vema huacha kituo kama ilivyokikuta, isipokuwa chuki.

Kuna pia tofauti ya muda, na si ndogo kwa moyo wa muuguzi. Wodini mtoto aliyefika amelegea kwa kuharisha huwekewa maji na ndani ya saa chache anafumbua macho na kudai kunyonya. Jibu la kazi linapatikana zamu ileile. Huduma ya mkoba iliyoanza Disemba itaonekana kwenye namba za robo mwaka inayofuata, na pengine isionekane kabisa kwa sababu mafuta yalichelewa Februari na Machi. Baadhi ya wauguzi wazuri sana hurudi wodini kwa sababu hii peke yake, na ni afadhali mtu aigundue kabla hajachukua mkopo wa ada.

Kwa hiyo maandalizi yanayofaa huanzia wodini, na hayahitaji ruhusa kubwa. Katika wodi ya watoto kila mlazwa wa chini ya miaka miwili aombwe kadi ya kliniki, na muuguzi anakili kwenye daftari umri, kitongoji, ugonjwa uliomleta na dozi iliyokosekana. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuwa na kitu ambacho ofisi ya halmashauri mara nyingi haina: orodha ya watoto ambao mfumo uliwapoteza, pamoja na mahali wanakotoka. Muuguzi akilipanga kwa vitongoji na kulipeleka kwa mratibu wa chanjo na mganga mfawidhi, ameshaanza kazi ya afya ya jamii kabla ya barua yoyote. Faida ya papo hapo ipo pia: mtoto aliyelazwa bila chanjo apelekwe kliniki ya hospitali hiyohiyo kabla ya kuruhusiwa, jambo linalopuuzwa mno kwa sababu wodi na kliniki huandika vitabu tofauti.

Hatua ya pili ni kuomba mzunguko wa miezi sita katika kliniki ya mama na mtoto, ikiwezekana kwenye zahanati na si hospitali kubwa. Zahanati ina watu wachache, hivyo muuguzi hulazimika kujaza leja, kuandaa ripoti ya mwezi, kusoma joto la jokofu asubuhi na jioni, na kwenda mkoba. Katika miezi hiyo ajifunze Eksel kiasi cha kupanga, kuchuja na kuchora mstari wa mwezi kwa mwezi, na aombe kuonyeshwa jinsi takwimu zinavyosomwa kwenye DHIS2. Anayeweza kutoa chati ya vituo vyote vya halmashauri kabla ya kikao ataitwa kwenye kikao kijacho.

Vikao vya kuitwa navyo vichaguliwe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini mpango kabambe wa afya wa halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla ya hapo, vituo vikitangulia kuandika mipango yao. Safari 7 za mkoba ambazo hazikuandikwa wakati huo hazitapata mafuta, hata ziwe na hoja nzuri kiasi gani mwezi Agosti. Tangu fedha zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, mpango wa kituo umekuwa na nguvu kuliko zamani, na muuguzi anayejua kuuandika ni mtu adimu.

Masomo hufuata hapo. Kozi inayowafaa wengi walio kazini ni ile ya ngazi ya awali katika programu ya mafunzo ya epidemiolojia ya nyanjani, programu iliyoanzishwa Tanzania mwaka 2008. Huchukua takribani miezi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo mtumishi huwa kituoni kwake akifanya mazoezi ya kukagua takwimu, kufuatilia magonjwa na kuandika ripoti. Shahada ya uzamili ya afya ya jamii hutolewa na vyuo kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, lakini mwenye stashahada ya uuguzi hawezi kuiendea moja kwa moja; lazima apate shahada ya kwanza. Kwa mtu wa stashahada safari yote basi ni ya miaka mingi, na ni busara aifanye akiwa tayari yumo kwenye kazi anayoisomea.

Mtumishi wa umma huondoka masomoni kwa ruhusa ya maandishi ya mwajiri, na jina lake liwe kwenye mpango wa mafunzo wa taasisi. Anayeondoka kwa makubaliano ya mdomo na mkuu wake wa kituo anajihatarisha, kwa sababu kutoonekana kazini zaidi ya siku 5 bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha. Akirudi na shahada mpya akitaka kubadilisha kada, shahada peke yake haitoshi: panatakiwa nafasi katika ikama, bajeti yake na kibali. Kabla ya kujaza fomu yoyote aende kwa afisa utumishi na maswali matatu: kada mpya inaanzia ngazi gani ya mshahara, mshahara wa sasa utakuwaje kama ngazi hiyo iko chini, na miaka aliyokwisha kuitumikia itahesabiwa vipi kwenye kupanda cheo. Majibu ayapate kwa maandishi.

Hesabu ya kipato ifanywe na familia nzima. Anayeacha zamu huacha pia posho za kuitwa kazini na za muda wa ziada, ambazo kwa nyumba nyingi ndizo zinazolipa ada ya shule. Posho za kujikimu za safari za uratibu zipo, ila huja kwa msimu na hutegemea bajeti, kwa hiyo hazifai kuwekwa kwenye matumizi ya kila mwezi. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isiachwe ikaisha, hata kwa mtu aliye ofisini muda wote. Mafunzo endelevu yahesabiwe, na zamu chache za mwaka ziombwe wodini au leba. Mikono husahau kutafuta mshipa wa mtoto mdogo haraka kuliko inavyodhaniwa, na mlango wa kurudi ubaki wazi.

Barua ya uteuzi ikishafika, wiki ya kwanza ina kazi yake. Mratibu mpya aombe makabidhiano ya maandishi kama yale ya zamu: orodha ya vituo na idadi ya walengwa wa kila kimoja, leja ya chanjo ya bohari ya halmashauri, ripoti za miezi 12, na hali ya majokofu. Kisha afungue jokofu la bohari mwenyewe, asome kipimajoto, na atazame karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni. Kama karatasi ina nyuzi 4 asubuhi na nyuzi 4 jioni kila siku kwa miezi miwili, Jumapili na siku za umeme kukatika zikiwemo, basi hakuna aliyekuwa akisoma kipimajoto hicho, na ziara yake ya kwanza imeshapatikana.